Tarehe ya jibu la usaili wa mwisho imepita, na mkataba wangu unaisha tarehe 30. Niwaandikie nini?

BintiHeru (Kasulu), Jumatano tarehe 19, saa 2:10 asubuhi

Wakuu, habari za asubuhi. Naomba mnisaidie, maana siku tano hizi nalala usingizi wa mang'amung'amu.

Nipo Kasulu, kwenye mradi wa maji vijijini. Mkataba wangu wa mwaka mmoja unaisha tarehe 30 mwezi huu. Bosi ameshaniletea mkataba mpya wa miezi 12 na anataka uwe umesainiwa ifikapo Jumatano ijayo, tarehe 26.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeomba kazi ya afisa ufuatiliaji na tathmini kwenye shirika lingine lenye ofisi Kigoma mjini. Nilifanya mtihani wa kuandika, nikafanya usaili wa simu, na Jumanne tarehe 4 nikaitwa usaili wa mwisho. Niliondoka hapa na basi la alfajiri. Walikuwa wanne, watatu mezani na mmoja kwenye skrini akiwa Dar. Walinipa jedwali la takwimu za visima wakaniambia nitafute makosa, na niliyaona yote ila moja. Tulipomaliza, mwenyekiti alisema kwa kinywa chake: "Tutakujulisha ifikapo Ijumaa tarehe 14, uwe umechaguliwa au hukuchaguliwa." Nilipotoka tu mlangoni niliiandika ile tarehe kwenye daftari.

Leo ni tarehe 19 na sijapata simu wala barua pepe. Nimepekua mpaka folda ya `Spam`. Jana usiku niliandika ujumbe huu, lakini mkono umekuwa mzito kuutuma:

> Habari. Tarehe mliyoahidi imepita na sijapata jibu lolote. Naomba kujua kama nimepata kazi au nimekosa, kwa sababu kuna sehemu nyingine wananisubiri. Naamini mimi ndiye ninayefaa zaidi kwa nafasi hii kutokana na uzoefu wangu wa miaka minne katika...

Unaendelea hivyo mpaka aya ya tatu. Niutume? Au nisubiri tu?

---

Kijana_Nguruka, saa 2:31 asubuhi

Pole dada, lakini nikueleze ukweli ninaoujua. Aliyepata kazi hupigiwa simu ndani ya siku mbili tatu. Zikipita wiki mbili kimya, ujue mtu ameshapatikana na nyie wengine mmeachwa. Mimi imenitokea mara tatu. Saini huo mkataba wako utulie.

---

MamaKibirizi, saa 3:05 asubuhi

BintiHeru mwanangu, usisaini leo na huo ujumbe usiutume kama ulivyo. Kijana wa Nguruka anasema alichokiona yeye, na kweli huwa kinatokea, lakini kimya cha siku tano baada ya tarehe hakitoshi kukuambia kitu. Nimekaa upande wa pili wa ile meza miaka 11, kwenye ofisi za rasilimali watu za mashirika hapa Kigoma na Kibondo. Nikueleze kinachoendelea ukishatoka kwenye kile chumba.

Kwanza, kila mjumbe wa jopo ana karatasi yake ya alama. Alama zinajumlishwa, inaandikwa ripoti ya usaili, na kila mjumbe anaisaini. Hapo tu pana kisa. Mwaka mmoja nilikuwa na faili mezani, ripoti imeshakamilika, sahihi tatu zipo, ya nne haipo. Mwenye ile sahihi alikuwa ameondoka kwenda kambini Nyarugusu na akakaa huko siku sita. Watu watatu waliofanya usaili walikuwa majumbani kwao wanakondeana, kumbe kinachokosekana ni kalamu ya mtu mmoja.

Ripoti ikishasainiwa inapelekwa Dar kuidhinishwa. Kisha wanatafutwa wadhamini. Kwa mashirika ya misaada mengi siku hizi jambo hilo limeongezeka uzito, kwa sababu waajiri wako wa zamani, mara nyingi wa miaka 5 nyuma, wanaulizwa kimaandishi kama uliwahi kuwa na kosa la unyanyasaji wa kingono. Mwajiri mmoja akichelewa kujibu, faili zima linasimama.

Baada ya hapo ndipo wa kwanza anapewa ofa. Na hapa ndipo kimya kirefu kinapozaliwa. Wa kwanza anaomba siku za kufikiri, anabishana kidogo juu ya mshahara, anataka kuzungumza na mwenzi wake kuhusu kuhamia Kigoma. Muda wote huo wa pili na wa tatu hawaambiwi kitu. Ofisi haiwezi kukuambia "wewe ni wa pili, subiri tuone kama wa kwanza atakataa", na haiwezi kukuambia umekosa, kwa sababu wa kwanza akikataa watakuhitaji. Basi wanakaa kimya. Nimeshawapigia wa pili wengi wakiwa wameshakata tamaa.

Kwa hiyo ukimya wako una maana tatu: faili halijakamilika, au wewe ni wa pili, au umekosa na hakuna aliyekumbuka kukuandikia. Ukiwa nje huwezi kuzitofautisha. Ujumbe wako ulenge kupata kitu ambacho mtu wa ofisini anaweza kukujibu katika hali zote tatu.

---

BintiHeru, saa 3:20 asubuhi

Mama, shikamoo. Nimesoma mara mbili. Kitu gani hicho anachoweza kujibu katika hali zote tatu?

---

MamaKibirizi, saa 3:48 asubuhi

Marahaba mwanangu. Kitu hicho ni tarehe.

Wewe umemuuliza "nimepata au nimekosa". Afisa anayesoma hana ruhusa ya kulijibu swali hilo mpaka barua itoke. Atauweka ujumbe wako kando akisema nitamjibu jibu likiwepo, na wewe utadhani umedharauliwa. Ukimuuliza "ni lini nitegemee kujulishwa", hilo analijibu kwa mistari miwili bila kuomba ruhusa ya mtu.

Pia ondoa maneno "mliyoahidi" na "sijapata jibu lolote". Ni ya kweli, lakini yanamfanya aanze kujitetea. Taja tarehe tu, ataona mwenyewe kwamba imepita. Na aya za uzoefu wako ziondoe zote. Usaili umeisha, alama zimeshaandikwa, na hakuna anayerudi kuongeza alama kwa sababu ya barua pepe.

Kuhusu kule wanakokusubiri, "kuna sehemu nyingine wananisubiri" inasikika kama tishio lisilo na sura. Una jambo halisi lenye tarehe halisi. Liseme lilivyo, kwa sentensi moja.

Usianze ujumbe mpya. Fungua ile barua pepe waliyokuitia usaili, ubonyeze `Reply`, ili jina la nafasi na mawasiliano yote ya nyuma yabaki chini yake. Mwandikie aliyekuita, wajumbe wa jopo usiwawekee nakala. Kama wao walikuandikia kwa Kiingereza, na wewe jibu kwa Kiingereza. Mimi naweka kwa Kiswahili upate mpangilio:

> Habari za kazi. Nilifanya usaili wa mwisho wa nafasi ya Afisa Ufuatiliaji na Tathmini, Kigoma, Jumanne tarehe 4, na nilielezwa kuwa majibu yangetolewa ifikapo tarehe 14. Bado naihitaji nafasi hii. Naomba kufahamu ni lini nitegemee kujulishwa.
>
> Mwajiri wangu wa sasa ameniomba nisaini mkataba mpya ifikapo Jumatano tarehe 26, hivyo nitashukuru nikipata mwelekeo wowote kabla ya siku hiyo.
>
> Ahsante. Jina, namba ya simu.

Basi, usiongeze kitu. Tuma leo kabla ya mchana. Leo ni siku ya tatu ya kazi tangu tarehe 14, si mapema tena. Ungewaandikia Jumamosi tarehe 15 ningekuambia umekurupuka.

---

Mnyamwezi_Ipuli (Tabora), saa 4:40 asubuhi

Nakubaliana na mama hapo juu kwa karibu yote, ila mimi naamini zaidi simu. Niwape kisa changu.

Nilifanya usaili wa mwisho hapa Tabora kwenye kampuni moja inayojihusisha na tumbaku. Waliniambia wiki moja. Wiki ya pili nikaandika barua pepe, kimya. Wiki ya tatu nikaandika nyingine, kimya. Siku moja nikiwa mjini nikaamua kupita ofisini kwao. Dada wa mapokezi akaingia ndani, akarudi na faili, akaniuliza: "Namba yako si hii?" Nikaangalia. Ilikuwa ni laini yangu ya zamani iliyopotea na ile simu iliyoibiwa, na kwenye wasifu wangu nilikuwa sijaibadilisha. Walikuwa wamenipigia siku nne mfululizo. Barua pepe zangu zilikuwa zinakwenda kwa mtu aliyeshaacha kazi. Nafasi walikuwa wamempa mwingine juzi yake.

Dada, angalia namba uliyoiandika kwenye wasifu. Na usitegemee barua pepe peke yake.

---

MamaKibirizi, saa 5:15 asubuhi

Pole sana ndugu yangu wa Ipuli, hilo linauma. Na ni kweli, namba ya simu ni jambo la kwanza la kuangalia.

Mimi nasema barua pepe kwanza kwa sababu inabaki kwenye faili, simu haibaki. Ikipita Ijumaa bila jibu, Jumatatu saa 4 asubuhi piga namba ya ofisi, ile ya mapokezi, uombe kuzungumza na rasilimali watu. Usipige simu binafsi ya mjumbe wa jopo hata kama unayo. Niliwahi kuona mtu aliyekuwa na alama nzuri sana akimpigia mwenyekiti saa 3 usiku, na kesho yake mwenyekiti akaja ofisini akiuliza ni nani aliyetoa namba yake.

---

Cheyo_Moja, saa 6:02 mchana

Habari wana jukwaa. Na mimi nipo kwenye hali hiyohiyo. Nilifanya usaili wa mahojiano wa Sekretarieti ya Ajira kwa nafasi ya mwalimu, na mpaka leo hakuna kitu. Nao niwaandikie ujumbe kama huo wa kuwaomba tarehe?

---

Mnyamwezi_Ipuli, saa 6:20 mchana

Cheyo, yako ni tofauti na ya dada. Ya serikali haiendi kwa barua pepe za mtu mmoja mmoja. Wanaoitwa kazini wanatangazwa kwa orodha, na hali yako unaiangalia kwenye akaunti yako ya Ajira Portal. Na ukifaulu ukakosa nafasi kwa kuwa zilikuwa chache, jina lako linaingia kwenye kanzidata na unaweza kupangiwa nafasi nyingine ya kada yako ikitokea. Fungua uzi wako, watu wa huko watakusaidia vizuri zaidi.

---

Mtetezi_Mwanga, saa 7:45 mchana

Mbona mnamtesa dada kwa kitu kidogo? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 iko wazi: anayelipwa kwa mwezi anatoa notisi ya siku 28 anaondoka. Asaini mkataba wake mpya tarehe 26, na hao wengine wakimwita mwezi ujao anatoa notisi ya siku 28, kwaheri. Hakuna wa kumshika.

---

MamaKibirizi, saa 8:30 mchana

Mtetezi, hizo siku 28 zipo kwenye sheria, sikatai. Lakini zitakuponza kwenye mkataba wa muda maalumu, na wa BintiHeru ni wa muda maalumu, miezi 12.

Kuna kanuni za utendaji bora zilizotoka 2007, Tangazo la Serikali Namba 42. Zinasema aliyeingia mkataba wa muda maalumu anaweza kujiuzulu katikati kama mwajiri amevunja mkataba kwa kiwango kikubwa. Kama mwajiri hajavunja chochote, mnatakiwa mkubaliane kuumaliza mapema. Ukiondoka tu, wewe ndiye uliyevunja mkataba na anaweza kukudai.

Mara nyingi watu hawafiki huko, kwa sababu mikataba mingi ya miradi ina kipengele kinachosema kila upande unaweza kuumaliza kwa notisi ya mwezi mmoja. Kikiwemo, hayo ndiyo makubaliano yenu. Kisipokuwemo, kiombe kabla ya kusaini. Baada ya kusaini huna cha kuombea.

BintiHeru, soma mkataba wako mpya leo, tafuta sehemu ya kusitisha mkataba, utuambie unasemaje.

---

Mtetezi_Mwanga, saa 8:52 mchana

Hilo la kanuni za 2007 sikulijua. Bado naona mwajiri wa mradi mdogo hatahangaika kumfungulia mtu madai, lakini nimekuelewa.

---

BintiHeru, saa 11:40 jioni

Ujumbe nimeutuma saa 5:50, kwa Kiingereza, kwa mpangilio wa mama, kupitia `Reply`. Namba kwenye wasifu ni sahihi, ahsante kaka wa Ipuli.

Mkataba nimeusoma nikiwa nimekaa chini ya mwembe nje ya ofisi. Sehemu ya kusitisha inasema mwajiri anaweza kuumaliza kwa notisi ya siku 30 endapo fedha za mfadhili zitakatika. Upande wangu haujatajwa popote. Mkataba wa mwaka jana ulikuwa hivyohivyo na sikuuona.

---

MamaKibirizi, saa 12:25 jioni

Hapo ndipo pa kufanyia kazi. Kesho mwombe bosi aongeze maneno yasemayo mfanyakazi naye anaweza kuumaliza kwa notisi ya siku 30. Ni ombi la haki, yeye mwenyewe ameshajiwekea.

---

Kijana_Nguruka, Alhamisi tarehe 20, saa 1:30 usiku

Dada kuna jipya?

---

BintiHeru, saa 2:05 usiku

Lipo. Wamejibu leo saa 9 alasiri. Nalitafsiri: "Tunaomba radhi kwa ucheleweshaji. Mchakato uko katika hatua za mwisho za uidhinishaji. Tunatarajia kukujulisha ifikapo Alhamisi tarehe 27."

Nilipumua. Halafu nikaona kwamba tarehe 27 ni siku moja baada ya ile ya kusaini.

---

Mnyamwezi_Ipuli, saa 2:18 usiku

Waambie tarehe 27 imechelewa, wakupe jibu tarehe 25. Ukiwabana watafanya.

---

MamaKibirizi, saa 2:50 usiku

Ndugu yangu, hapo tunatofautiana. Wameshaijua tarehe 26 kwa sababu aliiandika. Kama wangeweza kabla ya hapo wangesema. Ukiwabana, jibu rahisi kwao ni "basi saini huko". Asogeze upande anaoufahamu, yaani kwa bosi wake, aombe mpaka Ijumaa tarehe 28. Siku mbili tu, na sababu anayo: anasubiri kile kipengele cha notisi kiandikwe. Ijumaa mkataba wa zamani bado una siku mbili, hakuna atakachopoteza.

---

Mnyamwezi_Ipuli, saa 3:01 usiku

Mimi bado ningewapigia. Lakini uamuzi ni wake.

---

BintiHeru, Jumatatu tarehe 24, saa 12:50 jioni

Bosi amekubali mpaka Ijumaa saa 6 mchana. Kipengele amesema hana shida nacho, ameupeleka mkataba kwa mhasibu uchapwe upya.

Na jambo lingine: mdhamini wangu mmoja, mwalimu wangu wa chuo, amenipigia kuniambia ameletewa fomu na lile shirika. Hiyo si dalili nzuri?

---

MamaKibirizi, saa 1:40 usiku

Ni dalili kwamba faili lako liko hai. Usiifanye zaidi ya hapo. Ofisi nyingine huwaulizia wadhamini wa kwanza peke yake, nyingine huwaulizia wa kwanza na wa pili kwa pamoja ili wasianze upya mmoja akikataa. Mimi mwenyewe nilikuwa nafanya hivyo vya pamoja.

---

BintiHeru, Ijumaa tarehe 28, saa 10:15 alasiri

Wapendwa, jana saa 10 na nusu jioni nilipigiwa simu na yule afisa mwenyewe. Nafasi imekwenda kwa mtu mwingine na ameshakubali. Mimi nilikuwa wa pili. Alisema jina langu linabaki kwenye orodha ya akiba na kwamba ofisi ya Kibondo huenda ikatafuta mtu wa kada hii robo ijayo.

Nililia kidogo, siwafichi. Leo saa 5 nimesaini mkataba mpya, na safari hii upande wangu una notisi ya siku 30, nimeiwekea sahihi pembeni mimi na bosi. Mama, hawa wa orodha ya akiba niwajibu nini, au niache?

---

MamaKibirizi, saa 11:02 jioni

Pole mwanangu. Wa pili kati ya wote walioomba si jambo la kuonea haya.

Wajibu kwenye barua pepe ileile leoleo, wakati jina lako bado liko kichwani kwao. Mistari mitatu: ahsante kwa kunijulisha kwa simu, nafasi ya Kibondo ikitokea ningependa kufikiriwa, na niko kwenye mkataba wenye notisi ya siku 30. Huo mstari wa mwisho usiuache. Siku wakikaa kupanga nani aanze lini, watakuwa na hesabu yako tayari, na hawatadhani kwamba ukiitwa utakuja kesho yake.

---

Kijana_Nguruka, saa 11:20 jioni

Mama, na mimi ninayo moja iliyopita tarehe tangu wiki tatu zilizopita. Bado naweza kuuliza, au nimechelewa?

---

MamaKibirizi, saa 11:34 jioni

Uliza. Barua pepe Jumatatu asubuhi, ikipita Alhamisi piga simu mapokezi. Kisha uiache.